Mdosi mkali? Usiseme ‘sawa’ kabla hajaona foleni yako

Kama umeajiriwa katika kampuni ndogo hapa Nairobi, huenda unamjua mdosi wa aina hii. Saa mbili asubuhi anataka orodha ya wateja wenye madeni. Saa nne anataka bei za vifaa zitumwe kwa mwanakandarasi wa Thika. Saa sita anapita mezani mwako akiuliza mbona stoo haijahesabiwa. Ukimjibu “sawa Bosi” mara tatu, jioni inakupata na kazi tatu ulizoahidi na hata moja hujamaliza.

Binti mmoja wa umri wa miaka 26 aliishi hivyo kwa karibu mwaka mzima. Ni karani wa hesabu katika kampuni inayosambaza saruji, mabati na vyuma, ofisi yake ikiwa Eneo la Viwanda. Aliomba jina lake na la kampuni yabanwe kwa sababu bado anafanya kazi huko. Mwaka jana, hiyo “sawa Bosi” yake nusura imrudishe kijijini.

“Bosi si mtu mbaya,” anasema. “Mshahara hauchelewi. Lakini akitaka kitu anakitaka jana, na sauti yake inafika hadi stoo. Mimi nilikuwa naogopa kumwambia hapana, so nasema sawa, halafu naanza na ile kazi amepigia kelele zaidi.”

Tatizo ni kwamba kazi inayopigiwa kelele zaidi si lazima iwe ndiyo yenye hasara kubwa ikikwama. Kwake, iliyokwama ilikuwa kazi ambayo hakuna aliyeipigia kelele hata kidogo: ritani ya VAT.

Ankara mbili zisizo na PIN

Ili uelewe kilichomkuta, lazima ujue kidogo jinsi VAT inavyofanya kazi. Kampuni ikiuza bidhaa humtoza mteja asilimia 16 juu ya bei. Ikinunua bidhaa, nayo hutozwa asilimia 16 na muuzaji wake. Mwisho wa mwezi inachukua ushuru iliokusanya kwa wateja, inatoa ule iliolipa kwa wauzaji, na tofauti inaipeleka KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Lakini ili uruhusiwe kutoa ule uliolipa, ankara ya muuzaji lazima iwe imepitia mfumo wa eTIMS na iwe na PIN ya kampuni yako. Ikikosa PIN, KRA haitaihesabu kama yako, hata kama pesa ulitoa na saruji iko stoo.

Mei 26, karani huyu alikuwa akipanga makaratasi alipoona ankara mbili za saruji hazina PIN ya kampuni. Zote zilitoka kwa muuzaji mmoja. Kwa pamoja zilikuwa za Sh1,500,000 kabla ya ushuru, yaani VAT ya Sh240,000.

Alimpigia simu karani mwenzake kule kwa muuzaji. Akaambiwa, “Nitacheki.” Siku mbili baadaye akapiga tena, akaambiwa mhusika yuko likizo. Hapo akanyamaza. Bosi siku hiyo alikuwa ametoka kumfokea dereva, na yeye hakutaka kuwa wa pili. Alijiambia kwamba mambo yatajipa.

Hayakujipa. Juni 20 saa tano asubuhi alifungua iTax na kuingiza hesabu. Mauzo ya Mei yalikuwa yameleta ushuru wa Sh720,000. Ununuzi wote wa mwezi ungempa Sh540,000 za kutoa, na Bosi alikuwa ameambiwa tangu mapema atenge Sh180,000. Lakini bila zile ankara mbili, za kutoa zilikuwa Sh300,000 pekee. Kampuni ilitakiwa kulipa Sh420,000 siku hiyo hiyo.

“Nilienda kwa ofisi yake miguu ikitetemeka,” anakumbuka. “Nikamwambia Bosi, tumepungukiwa na laki mbili na arobaini. Akaniuliza swali moja tu: ‘Ulijua lini?’”

Ritani iliingia kwa wakati, lakini Sh240,000 zililipwa wiki kadhaa baadaye. Kuchelewa kulipa huleta faini ya asilimia 5 ya ushuru uliobaki, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Hiyo ni Sh12,000 na Sh2,400. Jumla, Sh14,400 zilizopotea bure. Yeye akapewa barua ya onyo.

Milango mitatu, na jinsi ilivyofungwa

Siku chache baadaye, hasira zikiwa zimetulia, Bosi alimwita akamweleza jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria. Zile Sh14,400 hazikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba karani alijua tangu Mei 26, na katika hizo siku 25 yeye mdosi alikuwa na nafasi ya kufanya kitu mara mbili.

Mlango wa kwanza ulikuwa wazi hadi Mei 31. Ankara iliyokosewa kwenye eTIMS hairekebishwi kwa kalamu. Muuzaji hutoa hati ya kuifuta, kisha hutoa ankara mpya yenye PIN sahihi. Ankara hiyo mpya hubeba tarehe ya siku ilipotolewa. Ingetolewa kabla ya Mei kuisha, ingeingia kwenye hesabu za Mei na shida ingeishia hapo. Karani alikuwa akizungushwa na karani mwenzake, lakini Bosi angempigia mwenye kampuni moja kwa moja. Ni watu wanaojuana miaka mingi, na isitoshe alikuwa bado hajamlipa malipo ya mwisho ya saruji ile. Angesema neno moja tu: nirekebishie ankara ndipo nitume pesa.

Juni ilipoingia, mlango huo ulifungwa. Ankara mpya sasa ingekuwa ya Juni, na ingetumika kwenye ritani inayofuata. Ushuru ule haukupotea, kwa sababu sheria inakupa miezi sita kuudai, lakini kwa ritani ya Mei kampuni ilikuwa imekosa.

Mlango wa pili ulikuwa wazi hadi karibu Juni 20, nao ulikuwa wa kutafuta pesa. Kumbe Juni 8 Bosi alikuwa amemwongezea mteja mmoja wa Ruiru siku 30 za kulipa deni la karibu Sh300,000. Wiki hiyo hiyo akanunua magurudumu mapya ya lori. Angejua kwamba tarehe 20 atatakiwa kulipa Sh420,000, angemwambia yule wa Ruiru hapana, na magurudumu yangengoja.

Mlango wa tatu ulikuwa ni wa faini, na huo hauhitaji mtu wa kuufungua.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani mdosi akipata habari mbaya atatupima kwa habari yenyewe. Mara nyingi anatupima kwa kile alichoweza kufanya nayo ilipomfikia. Mei 26, ankara zisizo na PIN zilikuwa kosa la muuzaji. Juni 20, habari ile ile ilikuwa kosa la karani. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kuna ushauri maarufu maofisini kwamba usimpelekee mdosi shida kabla hujapata suluhisho. Unasikika vizuri, lakini ndio uliomponza binti huyu. Alikuwa akitafuta suluhisho ambalo halikuwa mikononi mwake. Mtu wa kushikilia malipo ya muuzaji au kumbana mteja wa Ruiru alikuwa mmoja tu pale ofisini.

Sasa ana kanuni yake. Shida ikigusa pesa, tarehe au mteja, anajipa siku moja ya kuimaliza mwenyewe. Ikifika kesho yake saa kama hii bado iko, inaenda kwa Bosi. Shida ndogo ndogo kama wino wa printa au risiti iliyopotea anazimaliza bila kumsumbua, kwa sababu ukipeleka kila kitu, siku yenye moto halisi hatakusikiliza.

Na hasemi tena “Bosi kuna shida na ankara.” Sentensi hiyo humpa mdosi wasiwasi bila kumpa la kufanya, ndiyo maana anapaaza sauti. Ujumbe ambao angeutuma Mei 27, anasema, ungekuwa hivi:

“Bosi, ankara mbili za saruji hazina PIN yetu. Zisiporekebishwa kabla ya tarehe 31, VAT ya Juni 20 itapanda kutoka 180,000 hadi 420,000. Nimempigia karani wao jana na leo, hajasaidia. Naomba umpigie mwenyewe leo. Kama hataki, niambie nishikilie malipo yake ya mwisho.”

Hesabu mambo yaliyomo: nini kimetokea, kitagharimu nini na lini, nimefanya nini, nataka nini kwako. Mdosi anayesoma hivyo akiwa kwenye foleni ya magari Barabara ya Mombasa anaweza kujibu kwa neno moja.

Saa 24 ndani ya saa 13

Kuripoti mapema lilikuwa nusu ya somo. Nusu ya pili ni ile foleni, kwa sababu sababu moja ya kunyamaza ilikuwa kwamba alikuwa amezama kwenye kazi nyingine tatu.

Mdosi wa kampuni ndogo haoni foleni yako. Anaona kazi moja moja kadiri anavyoikumbuka, na kila moja akiikumbuka ni ya dharura. Ukimjibu “nina kazi nyingi”, anasikia malalamiko. Ukimjibu “sawa”, anasikia kwamba kuna nafasi. Hakuna jibu kati ya hayo mawili linalomwonyesha kwamba akisema fanya hiki, amesema pia acha kile.

Karani huyu alianza na daftari la shule la kurasa 96. Kwa wiki tatu aliandika kila kazi aliianza saa ngapi na kuimaliza saa ngapi. Alishangaa. Orodha ya madeni aliyodhani ni ya saa mbili ilikuwa inakula saa sita, kwa sababu lazima alinganishe malipo ya M-Pesa na ankara moja baada ya nyingine. Aligundua pia kwamba katika siku ya saa nane, simu na wateja wa kaunta humla saa moja na nusu. Anabaki na sita na nusu.

Novemba 18 asubuhi, Bosi alimrushia kazi kama kawaida yake. Safari hii hakusema sawa. Alisema, “Nimezipata Bosi, nipe dakika kumi nikutumie mpangilio.” Kisha akaandika WhatsApp:

“Bosi, kazi nilizo nazo leo na kesho:
1. Ritani ya VAT, saa 7. Makataa ni tarehe 20.
2. Orodha ya madeni ya benki, saa 6. Umesema kesho jioni.
3. Bei za mwanakandarasi wa Thika, saa 3.
4. Kuhesabu stoo, saa 8.
Jumla ni saa 24, na mimi nina kama 13. Napendekeza nimalize 1 na 2. Bei za Thika anaweza kuzifanya kijana wa mauzo kwa kutumia orodha ya mwezi jana. Stoo tufanye wiki ijayo. Ukitaka stoo ifanywe kesho, basi orodha ya benki haitakuwa tayari. Nianze hivyo?”

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: “Stoo wiki ijayo. Thika mpe huyo kijana. Benki ndio muhimu, usiniangushe.”

Tazama alichofanya. Hakukataa kazi hata moja. Aliweka saa mbele ya kila kazi ili ubishi, kama upo, uwe juu ya saa na si juu ya bidii yake. Alipendekeza mwenyewe, kwa sababu mdosi mwenye haraka hapendi kuulizwa “nianze na gani?” bila kupewa jibu la kuanzia. Na muhimu kuliko yote, alitaja kitakachoanguka iwapo Bosi atachagua tofauti. Uamuzi ukabaki kwa mwenye kampuni, na kwa maandishi.

Makadirio yake hayakuwa sahihi kabisa. Orodha ya benki ilikula saa saba badala ya sita. Lakini saa tisa mchana wa siku ya pili, alipoona itapita, alituma ujumbe: “Orodha ya benki itakuwa tayari saa kumi na mbili badala ya kumi na moja.” Bosi akajibu kwa kidole gumba. Saa moja ya kuchelewa aliyoambiwa mapema haikumpa shida. Ingekuwa kitu kingine kama angeingia ofisini saa kumi na moja na kukuta haipo.

“Kitu kimoja nilikuwa sijui,” anasema, “ni kwamba zile safari zake za kuja kuuliza imefika wapi, imefika wapi, zilikuwa ni kwa sababu hajui. Siku hizi saa kumi na nusu natuma mistari mitatu: nimemaliza hii, hii iko katikati, hii imekwama kwa sababu fulani. Akishasoma hiyo hanifuati tena.”

Pale mbinu hii inapogonga ukuta

Si kila mdosi atajibu kwa neno moja. Kuna atakayesema, “Zote ni muhimu, fanya zote.” Karani huyu aliwahi kuambiwa hivyo, na jibu lake lilikuwa tulivu: “Sawa Bosi, naanza na VAT kwa sababu ina faini, halafu benki. Nikifika saa kumi nitakuambia zilizobaki.” Hapo hakubishana, ila alitangaza mpangilio wake na sababu yake. Asipopingwa, ndio umekubaliwa. Na saa kumi ilipofika, alitimiza ahadi ya kueleza zilizobaki. Ukisahau sehemu hiyo ya mwisho, yote ya mwanzo yanageuka kuwa kisingizio.

Kuna pia mdosi anayebadilisha mawazo kila saa. Kwa huyo, orodha hiyo hiyo inasaidia, mradi uirudishe kwake kila anapoongeza kitu: “Nimeiweka namba moja, kwa hivyo hii imeshuka hadi kesho. Ni sawa?” Baada ya mara kadhaa huanza kuona mwenyewe bei ya kubadilisha.

Lakini kuna jambo ambalo halitatuliwi kwa orodha. Siku ile ya Juni 20, katika joto la hasira, Bosi alimwambia, “Si uweke tu hizo ankara, nani ataangalia?” Mfumo wa KRA unaangalia, kwani unalinganisha unachodai na kile muuzaji alichotangaza, na dai lisilolingana hukataliwa na kudaiwa tena pamoja na adhabu. Alimjibu, “Bosi, zikikataliwa tutalipa hizo laki mbili na arobaini na faini juu yake, na watarudi kukagua miezi iliyopita.” Hakumwambia kwamba anamwomba afanye kosa. Alimwonyesha litamgharimu nini, na Bosi akaacha.

Kama angesisitiza, au kama ni mdosi wa matusi au wa kukukalia mshahara, hapo hakuna mpangilio wa kazi utakaokusaidia. Hilo ni jambo la ofisi ya leba au la kuanza kutafuta kwingine. Lakini weka zile jumbe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi aelezwe kosa lake na asikilizwe kabla ya kufutwa kwa madai ya utendaji mbovu. Siku hiyo ya kusikilizwa ikifika, ujumbe wenye tarehe unaoonyesha ulisema nini na lini utakusaidia kuliko kumbukumbu yako.

Mwaka huu, mapema Februari, saruji ilishushwa tena na ankara ikaja tena bila PIN. Alimpigia karani wa upande ule, akaambiwa yale yale: “Nitacheki.” Kesho yake asubuhi, haikuwa imerekebishwa. Aliandika mambo yake manne, akatuma, akarudi kwenye kazi yake. Kupitia dirishani alimwona Bosi akiwa uani, simu sikioni, sauti ikisikika hadi stoo kama kawaida.

Safari hii, anasema, sauti ilikuwa ikielekezwa kwa mwingine. Ankara mpya iliingia saa nane mchana.